Kodeini ya mama mdogo

Saa nane usiku mama mdogo alikuwa bado ameketi barazani, mkono wake wa kulia uliofungwa plasta ukiwa juu ya mto, akizitazama taa za mitumbwi ya dagaa zilizotapakaa ziwani kama mji mwingine uliohamia majini. Nilitoka kumwangalia kwa sababu nilikuwa nimesikia kiti kikilia. Nilimuuliza kama dawa imeisha, naye akaniambia kwamba dawa haijaisha, amemeza kidonge saa mbili usiku kama alivyoelekezwa, na kwamba tangu siku ya kwanza kidonge hicho kwake ni sawa na chaki.

Nilimjibu kama mtu wa kazi yangu anavyojibu. Mimi ni mfamasia, na famasi yangu haiko mbali na soko la Kirumba, kwa hiyo nilimweleza kwa upole kwamba kodeini si dawa ya mchezo, kwamba haitolewi bila cheti, na kwamba mfupa uliovunjika una maumivu yake ambayo hakuna kidonge kitakachoyafuta yote.

"Vumilia, mama mdogo," nikasema.

"Mwanangu, mimi nimezaa sita," akanijibu. "Kuvumilia nakujua. Nakuambia habari ya dawa, siyo habari ya maumivu."

Sentensi hiyo imenikaa rohoni kwa wiki saba sasa.

## Kofia ndogo

Alikuwa ameteleza juu ya mawe ya ufukweni huko Ukerewe, akianua dagaa mvua ilipoanza kunyesha, akavunjika kifundo cha mkono. Akaletwa Mwanza, akafungwa plasta katika hospitali moja ya hapa mjini, kisha akaja kukaa kwangu na dawa mbili: parasetamoli, na kodeini ya miligramu 30 kila baada ya saa sita. Hesabu ilikuwa sahihi. Ningeletewa cheti hicho dukani ningempa dawa bila kuuliza neno.

Nilichokuwa nimekisahau, au tuseme nilichokuwa nimekihifadhi mahali pa mitihani badala ya mahali pa kazi, ni kwamba kodeini yenyewe karibu haitulizi maumivu. Maumivu hutulizwa pale dawa inaposhika vipokezi fulani vya ubongo na uti wa mgongo, na kodeini huvishika kwa nguvu iliyo kama mara 200 chini ya ile ya mofini, dawa kali ya maumivu. Tofauti kati ya molekuli hizo mbili ni ndogo mno: kodeini ni mofini iliyovalishwa kofia, kikundi kimoja cha metili kilichokaa juu ya oksijeni. Kofia ikivuliwa, mofini inabaki. Isipovuliwa, mgonjwa amemeza kitu ambacho kitazunguka mwilini, kitamletea labda kichefuchefu na usingizi kidogo, kisha kitatoka kwa mkojo.

Anayeivua kofia ni kimeng'enya kimoja cha ini kiitwacho CYP2D6.

Hata kwa mtu ambaye kimeng'enya hicho kinafanya kazi vizuri, ni sehemu ndogo tu ya kodeini inayopita kwake, takribani asilimia 5 hadi 10. Sehemu kubwa hunaswa na kimeng'enya kingine, UGT2B7, ambacho huifunga kodeini kwenye aina ya sukari ili figo ziitoe. Sehemu nyingine hupita kwa CYP3A4, ambacho huigeuza kuwa norikodeini, kitu kisicho na msaada mkubwa kwa mwenye maumivu. Kwa hiyo fikiria njia tatu za kutokea ukumbini, mbili pana na moja nyembamba, na dawa yote tunayoitegemea inapita kwenye ile nyembamba. Katika miligramu 30 alizomeza mama mdogo, mofini ambayo ningeitarajia haizidi miligramu 3.

Kitu kinachotegemea mlango mwembamba kiasi hicho hakihitaji mabadiliko makubwa ili kiharibike.

## Nakala tunazorithi

Maelekezo ya kutengeneza CYP2D6 yako kwenye kromosomu ya 22, na kila mtu hurithi nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Nakala hizo hazifanani. Zimepewa namba baada ya nyota: CYP2D6*1 ni ile ya kawaida, CYP2D6*4 haitoi kimeng'enya chochote chenye kazi na imeenea zaidi Ulaya, CYP2D6*17 na CYP2D6*29 hutoa kimeng'enya kilicholegea na hupatikana kwa wingi katika Afrika. Tena wapo watu ambao jeni hiyo imejirudia kwenye kromosomu moja, hivyo badala ya nakala mbili zinazofanya kazi wanazo tatu, nne au zaidi.

Wataalamu huzipa nakala hizo alama na kuzijumlisha. Isiyofanya kazi hupata 0, iliyolegea kama *17 au *29 hupata 0.5, ya kawaida hupata 1. Mwenye jumla ya 0 huhesabiwa kuwa hawezi kuvua kofia hata kidogo, mwenye 1 anavua kwa kusuasua, mwenye 2 ni wa kawaida, na anayezidi 2.25 anavua kwa kasi kupita kiasi. Hesabu hii ni rahisi mno kuliko ukweli wenyewe, kwa sababu nakala ya *17, kwa mfano, hailegei kwa kiwango kilekile kwa kila dawa. Umbo la kimeng'enya chake limebadilika kiasi kwamba dawa moja hukikaa vibaya na nyingine hukikaa bila shida kubwa.

Kwetu Tanzania jambo hili lina historia ambayo nilikuwa sijawahi kuambiwa darasani. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliopima Watanzania weusi kwa kutumia debrisokwini, dawa ya zamani ya shinikizo la damu ambayo huvunjwa na kimeng'enya hikihiki. Watafiti waliwakuta watu ambao kwa vipimo vya jeni vya wakati ule walionekana wazima kabisa, lakini miili yao iliivunja dawa polepole kuliko ilivyotarajiwa. Vipimo hivyo vilikuwa vimetengenezwa kwa kutafuta kasoro zilizokwisha kuonekana kwa watu wa mahali pengine. Kasoro ya hapa haikuwamo kwenye orodha, kwa hiyo mtu aliyekuwa nayo alihesabiwa kuwa hana kasoro. Muda mfupi baadaye *29 ilielezwa, na ilielezwa kutokana na Watanzania.

Huko Ethiopia mambo yaligeuka upande wa pili. Utafiti wa mwaka 1996 uliwakuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wakiwa na jeni iliyojirudia.

Kwa hiyo mtu anayeniambia "sisi Waafrika dawa hii inatufanya hivi" ananiambia kitu kisicho na maana. Kwenye foleni moja ya famasi yangu anaweza kusimama Mkerewe, Mhaya, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi na dereva wa lori ambaye bibi yake alitoka Gondar huko Ethiopia, na sura zao hazitaniambia chochote kuhusu maini yao.

## Namba tatu

Nilipata namba nilizokuwa nikizitafuta katika utafiti mdogo wa mwaka 2007. Wanaume wazima wa afya walimezeshwa kodeini ya miligramu 30 mara moja, yaani kidonge kilekile cha mama mdogo, kisha damu yao ikapimwa kwa saa kadhaa ili kujua kila mmoja ametengeneza mofini kiasi gani kwa jumla. Kwa kipimo walichotumia, watu wa kawaida walipata 11. Wasioweza kuvua kofia walipata 0.5. Wenye jeni iliyojirudia walipata 16.

Niliziangalia namba hizo kwa muda mrefu, kwanza kwa furaha na baadaye kwa wasiwasi.

Furaha ilitokana na ile 0.5. Kumbe inawezekana kabisa watu wawili wakalala vitanda jirani, wakameza kidonge kutoka kopo moja, na mmoja akapata mofini mara 22 ya mwenzake. Hapo nikaona nimempata mama mdogo. Nikaona pia nimewapata wagonjwa wengi ambao kwa miaka yote hii nimewatazama kwa jicho la pembeni, wanaporudi dukani wakisema dawa haifanyi kazi na wanaomba nyingine, nami nikajisemea moyoni kwamba huyu ameanza kuizoea. Sisi wauza dawa tuna ugonjwa huo: anayelalamika kuhusu kodeini tunamshuku kabla ya kuishuku kodeini.

Wasiwasi ulitokana na ile 16. Kutoka 11 hadi 16 ni ongezeko la karibu nusu tu. Tumekuwa tukisikia kwamba watu wenye jeni iliyojirudia wanaweza kufa kwa dozi ya kawaida, na kweli mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mwaka 2017 kwamba kodeini isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 12, baada ya vifo vya watoto, baadhi yao wakiwa wametolewa mafindofindo. Lakini ongezeko la nusu haliui mtu mzima. Kama jeni ndiyo habari yote, namba hizi hazitoshi.

Basi nikarudi kwa mgonjwa ambaye kila anayesoma jambo hili hukutana naye.

## Mgonjwa wa Geneva

Kisa chake kilichapishwa mwaka 2004. Alikuwa mwanamume wa miaka 62, mgonjwa wa saratani ya damu ya aina inayokwenda polepole, aliyelazwa Geneva kwa homa ya mapafu. Kwa ajili ya kikohozi alipewa kodeini ya miligramu 25 mara tatu kwa siku, jumla miligramu 75, dozi ambayo hakuna mfamasia atakayeinua kope kwa ajili yake. Siku ya nne alikutwa haamki, anapumua kwa shida, na hewa chafu imejaa kwenye damu yake.

Walipopima, mofini katika damu yake ilikuwa mikrogramu 80 kwa lita. Kwa dozi ile ilitarajiwa iwe kati ya 1 na 4.

Hiyo ni angalau mara 20, siyo mara moja na nusu. Jeni zake zilipopimwa ilionekana kuwa ana nakala tatu au zaidi zinazofanya kazi, na ukiishia hapo utasema jibu limepatikana, kama wengi tulivyosema. Lakini mgonjwa huyo alikuwa pia amepewa klarithromaisini kwa ajili ya mapafu na vorikonazoli kwa ajili ya fangasi, na dawa hizo mbili hufunga CYP3A4, ule mlango mmojawapo mpana. Kodeini iliyozuiwa kutokea huko ilibaki ukumbini, ikisubiri kuvuliwa kofia na kimeng'enya ambacho kwake kilikuwa na kasi isiyo ya kawaida. Kisha figo zake zikaanza kushindwa kazi. Mofini ikishatengenezwa hufungwa nayo kwenye sukari, na moja ya vitu vinavyotokana na kufungwa huko, mofini-6-glukuronidi, ina nguvu yake yenyewe ya kulaza na kupunguza pumzi, na hutolewa hasa na figo. Figo zikilala, inajilundika. Kwake ilikuwa 136, wakati haikutarajiwa kuzidi 13.

Alichomwa naloksoni, dawa inayoisukuma mofini kutoka kwenye vipokezi, naye akaamka.

Kisa hiki niliwahi kukisoma nikiwa chuoni, nikakielewa kama kisa cha jeni. Safari hii nilikisoma kama hesabu ya bomba na mifereji. Jeni ilipanua mfereji mmoja, dawa mbili zikaziba wa pili, ugonjwa ukaziba wa kutokea. Kila kimoja peke yake huenda kingepita bila mtu kujua, na mzee yule angekohoa, akapona, akarudi kwake.

## Ushahidi wangu unalegea

Nirudi nyuma kidogo, maana sijasema mama mdogo aliishia wapi.

Baada ya kodeini alibadilishiwa tramadoli. Hiyo nayo haikumsaidia; ilimpa kichefuchefu tu, akatapika uji. Siku ya sita maumivu yalizidi, nikamrudisha hospitali nikihofia kwamba plasta imebana na damu haifiki kwenye vidole, jambo ambalo ni la hatari na ambalo yeyote anayelalamika maumivu makali ndani ya plasta lazima achunguzwe kwanza. Vidole vilikuwa na joto, vinacheza. Picha ikaonyesha kwamba mfupa umehama. Kabla ya kuurudisha walimchoma mofini miligramu 5 kwenye mshipa, na kabla hawajaugusa mkono wake akageuka kunitazama akasema, "Sasa hii ndiyo dawa."

Kwa siku kadhaa nilitembea na ushahidi huo kama mtu aliyeokota pesa. Kodeini haikufanya kazi, na kodeini inahitaji CYP2D6. Tramadoli haikufanya kazi, na tramadoli nayo sehemu kubwa ya nguvu yake hutokana na kitu kinachotengenezwa na CYP2D6 hiyohiyo. Mofini, ambayo haihitaji kuvuliwa kofia na mtu yeyote, ilifanya kazi papo hapo. Nikaongeza na jambo ambalo wengine wangeona aibu kuliandika: muda wote aliokuwa akimeza kodeini, choo chake kilikwenda kama kawaida. Kufunga choo kunakoletwa na kodeini hutokana hasa na mofini inayozaliwa humo, na iliwahi kupimwa kwamba utumbo wa watu wasioweza kuvua kofia hauchelewi wanapomeza kodeini, wakati wa wenzao unachelewa.

Nikamweleza daktari mmoja rafiki yangu, tukiwa tumekaa tukila sato. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Miligramu 5 kwenye mshipa ni sawa na ngapi za kumeza?"

Nilijua jibu, na nilijua pia alikokuwa akinipeleka. Mofini ya kumeza hupotea kwa wingi kwenye ini kabla haijafika kwenye damu, kwa hiyo ya mshipani hukadiriwa kuwa na nguvu mara tatu. Miligramu 5 za mshipani ni kama 15 za kumeza. Kidonge cha kodeini, hata kwa mtu mwenye ini la mfano, kingempa 3 au chini ya hapo. Nilikuwa nimelinganisha kijiko na ndoo, kisha nikashangaa kwamba ndoo imezima kiu. Mtu yeyote aliyevunjika mkono na mfupa ukahama angeweza kusema maneno yaleyale aliyosema mama mdogo, mwenye nakala mbili nzima akiwa mmojawapo.

Nilibakiwa na tramadoli na choo. Choo cha mtu anayekula mapapai kila asubuhi si ushahidi wa kwenda nao mahakamani.

## Mseto

Kilichonigeuza kabisa hakikutoka kwenye kitabu. Nilikuwa nikipanga begi lake kwa ajili ya safari ya kurudi Nansio, nikakuta pakiti tupu ya dawa ya mseto.

Nikamuuliza alimeza lini. Akasema alimaliza Jumanne. Mkono ulivunjika Alhamisi ya wiki hiyohiyo.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia daktari, na kwa nini hakuniambia mimi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutaja kwamba alikunywa chai. Kwa mtu wa kandokando ya ziwa malaria si historia ya ugonjwa, ni hali ya hewa. Fomu ya hospitali iliuliza "unatumia dawa yoyote?" naye akajibu hapana, na jibu lake lilikuwa la kweli, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuimaliza.

Lakini mwili wake haukuwa umeimaliza. Mseto tunaoutumia una dawa mbili, artemetha na lumefantrini. Artemetha huondoka mapema, baada ya saa chache, wakati lumefantrini hukaa: hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3 hadi 6, na huo ndio uzuri wake, kwa kuwa husafisha vimelea vilivyobaki. Na lumefantrini hufunga CYP2D6. Hilo lilionekana maabara, na limeandikwa kwenye karatasi ya maelezo inayokaa ndani ya pakiti, ile ambayo wateja huifungia sumu ya panya na sisi wauzaji hatuisomi. Onyo la karatasi hiyo linahusu dawa ambazo CYP2D6 huziondoa mwilini, kwamba zinaweza kuzidi. Kwa kodeini lazima uligeuze: kimeng'enya kikifungwa, kinachozidi ni kodeini yenye kofia, na kinachopungua ni mofini.

Kwa hiyo alipomeza kidonge cha kwanza cha kodeini, siku mbili baada ya mseto, sehemu kubwa ya lumefantrini ilikuwa bado mwilini.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba swali langu, "mama mdogo ana jeni gani?", lilikuwa nusu ya swali. Chukua mtu mwenye nakala mbili za kawaida, alama 2: ukimpa dawa inayopunguza kazi ya kimeng'enya kwa nusu, wataalamu humhesabu kama mwenye alama 1, na bado atapata nafuu ya kiasi. Chukua mwingine mwenye *17 moja na *29 moja, jambo lisilo la ajabu kwa Mtanzania: anaanza na 1, na akipewa dawa hiyohiyo anabaki na 0.5. Na dawa inayofunga kabisa, kama fluoksetini ya wagonjwa wa sonona au kwinidini, ndugu wa karibu wa kwinini tunayoijua, hushusha alama ya mtu yeyote hadi 0, hata awe na nakala ngapi. Cheti cha maabara kitasema huyu ni wa kawaida, ilhali ini lake wiki hiyo si la kawaida.

Wasioweza kuvua kofia kabisa kwa urithi ni wachache kati yetu. Waliolegea ni wengi, na kwao ni jambo dogo tu linalohitajika ili mlango ufungwe.

## Viwili badala ya kimoja

Sasa niseme lile lililonifanya niandike haya.

Usiku ule barazani, baada ya kumwambia avumilie, nilikaa kitako na kuanza kufanya hesabu. Miligramu 60 za kodeini kwa mara moja ni dozi inayokubalika kwa mtu mzima. Kilichobaki kilikuwa kumwambia ameze viwili badala ya kimoja, naye angenitii, maana mimi ndiye mwenye famasi katika ukoo. Sikumwambia kwa sababu isiyo na hekima yoyote: vidonge vilikuwa vimebaki vichache, na nilitaka vifike Jumatatu.

Tuseme ningemwambia. Kama kilichokuwa kimeufunga mlango ni urithi, vidonge viwili vingempa kichefuchefu na usingizi mara mbili, na nafuu ileile ya sifuri. Lakini kama kilichoufunga ni lumefantrini, basi mlango ulikuwa ukifunguka siku baada ya siku bila mtu kujua. Wiki ya kwanza angemeza viwili na asione kitu. Wiki ya pili angemeza vilevile viwili, labda vitatu kwa kuwa ameshajifunza kwamba ni chaki, na vingekuta kimeng'enya kimeamka. Ana miaka 68, ana kisukari, na figo zake sijawahi kuona zikipimwa.

Nikamkumbuka mzee wa Geneva.

Simaanishi kwamba angekufa. Namaanisha kwamba mimi, niliyesoma mambo haya, nilikuwa karibu kumpandishia dozi mtu ambaye sijui mlango wake umefungwa na nini, na sikuwa nimemuuliza swali lolote zaidi ya kama dawa imeisha. Siku hizi mtu akija dukani na cheti cha kodeini huwa namuuliza, "Ndani ya wiki mbili zilizopita umemeza mseto, au dawa yoyote ambayo umeshaimaliza?" Wengi hushangaa. Mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa na polisi. Akiniambia kwamba kodeini haimsaidii, simshauri aongeze. Namrudisha kwa daktari na barua fupi, nikipendekeza ibuprofeni kama tumbo na figo zinaruhusu, au mofini yenyewe kwa dozi ndogo kama maumivu ni ya kiwango hicho. Hizo hazisubiri CYP2D6.

Katika daftari la kliniki la mama mdogo nimeandika hivi, kwa kalamu nyekundu: "Kodeini na tramadoli hazikumsaidia, alikuwa amemaliza mseto siku mbili kabla. Mofini ya mshipani ilimsaidia. Jeni hazijapimwa." Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu bila hiyo mtu atakayesoma daftari hilo atadhani nimekwisha kujua.

## Swali la binti yake

Juzi alipiga simu kutoka Nansio. Plasta imetolewa, mkono unakunjika, ameanza kuanika dagaa kwa mkono wa kushoto. Nilimsalimia, akaitikia marahaba, kisha akaingia moja kwa moja kwenye lililomfanya apige. Binti yake mkubwa anatarajia kujifungua mwezi ujao na ameambiwa huenda akapasuliwa. Je, awaambie wauguzi kwamba dawa ile kwao ni chaki, ni ya ukoo?

Nilimwambia asiseme hivyo. Kama ana nakala mbili zilizolegea, binti yake amechukua moja tu kati ya hizo. Ya pili imetoka kwa baba, na ya baba inaweza kuwa nzima, au imejirudia. Binti anaweza kuwa mtu wa kinyume kabisa na mama yake. Na kama kilichokuwa kimefunga ni mseto, basi hakuna cha kurithi.

"Kwa hiyo aseme nini?"

Aseme kwamba atanyonyesha, na aulize kama anaweza kupewa parasetamoli na ibuprofeni badala ya kodeini. Akipewa kodeini hata hivyo, mtu alale naye chumba kimoja siku za mwanzo. Akiwa mzito kuamka, akipumua polepole, mboni za macho zikiwa ndogo kama kichwa cha pini, au mtoto akilegea na kushindwa kunyonya, dawa isimamishwe na warudi hospitali usiku huohuo.

Alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia injini ya mtumbwi ikiwashwa.

"Na akiwa amemeza mseto?"

"Aseme pia," nikamjibu. "Hata kama ameshaumaliza."

"Nimeandika," akasema. "Kwa mkono wa kushoto."